Inboksi Iliyokula Pakeji: Kisa cha Duka la Samani na Bei ya Shilingi 25,000

## Usuli

Msimamizi wa mitandao ya kijamii katika kisa hiki ni dada anayefanya kazi ya kujitegemea akiwa nyumbani kwake, upande wa mashariki wa Nairobi. Mteja ni mwenye duka la samani kando ya barabara kuu upande wa magharibi: karakana nyuma, chumba cha maonyesho mbele, mafundi kadhaa, na muuzaji mmoja anayeshinda dukani. Wanunuzi wake wengi ni watu wanaohamia nyumba mpya Ruaka, Syokimau na Kitengela. Majina na chochote kinachoweza kuwatambulisha nimekiondoa. Hesabu ni zao, na wote wawili wameniruhusu kuzitumia.

Makubaliano yao yalifanyika kwa simu. Kilichoandikwa ni ujumbe mmoja tu wa WhatsApp kutoka kwa Msimamizi:

> "Sawa bosi. 25,000 kwa mwezi. Facebook, Instagram na TikTok, posti tano kwa wiki, stori kila siku, kujibu wateja, kubusti, na picha nitakuja kupiga."

Bei hiyo aliipata kwa kuuliza kwenye kundi la wenzake. Waliomjibu walitaja kuanzia 15,000 hadi 35,000, naye akashika katikati. Ndivyo wengi wetu tunavyoanza, na shida yake ni kwamba kiasi hutajwa bila kazi inayoambatana nacho. Huenda aliyetaja 15,000 anaweka posti nane kwa mwezi kutoka picha anazotumiwa na mteja, na hajawahi kufungua inboksi.

## Yaliyotokea

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri, na ndio uliozaa matatizo. Video fupi ya fundi akipaka vanishi kitanda cha mhogani ilitazamwa kuliko chochote duka lilichowahi kuweka, na inboksi ikafurika. Sasa mtu anayenunua samani haulizi swali moja. Haya ni mazungumzo ya jioni moja, niliyoyasoma kwenye simu ya Msimamizi:

"Hii ni ngapi?"
"Habari. Futi 5 kwa 6 ni 42,000."
"Na 6 kwa 6?"
"47,000."
"Bila droo?"
"Ngoja niulize karakana."
"Mnafikisha Kitengela?"
"Ndiyo, gharama ya kusafirisha ni kando."
"Bei ya mwisho?"

Kufikia hapo ilikuwa saa tatu usiku. Mwenye duka amelala, muuzaji ameenda kwao, na Msimamizi hana mamlaka ya kupunguza hata shilingi mia tano. Mteja akanyamaza. Kesho yake wakaja wengine wa namna hiyo, na Jumapili wakazidi, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ambayo watu wanakaa na simu wakipanga nyumba.

Mwezi wa pili ukaleta kisa cha sofa. Mteja aliulizia sofa ya kona ya watu saba, Msimamizi akamjibu 68,000 kutoka orodha aliyopewa siku ya kwanza. Bei ya sponji na mbao ilikuwa imepanda, na dukani sofa hiyo ilikuwa imeshawekwa 76,000. Muuzaji aliijua bei mpya. Mafundi waliijua. Aliyekuwa akiwajibu wateja ndiye peke yake ambaye hakuna aliyekumbuka kumwambia. Mteja alikuwa ameshatuma malipo ya kwanza kwa namba ya till, kwa hiyo mwenye duka akaheshimu bei ya zamani, kisha akamkata Msimamizi 4,000 mwisho wa mwezi, nusu ya hasara.

Kulikuwa pia na pesa za matangazo. Msimamizi alikuwa akizilipa kwa kadi yake ya M-PESA GlobalPay akitarajia kurudishiwa. Zilipofika 11,400 akazidai, naye bosi akashangaa kwa dhati: "Dada, si kubusti iko kwa pakeji?" Ukiusoma ule ujumbe wa mwanzo, ana haki ya kusoma hivyo. Umesema kubusti. Haukusema ni kazi ya kubusti au pesa ya kubusti.

Hapo ndipo Msimamizi aliponipigia simu. Nilimwomba jambo moja kabla hatujazungumzia bei: mwezi wa tatu aandike kila saa anayotumia kwa mteja huyu, hata dakika kumi za kujibu komenti akiwa kwenye matatu.

## Hesabu ya mwezi wa tatu

Jumla ilikuwa saa 115. Kupanga maudhui na kuandika kepsheni saa 14. Kwenda dukani mara mbili kwa wiki kupiga picha, pamoja na safari, saa 24. Kuhariri video saa 16, mabango ya ofa na sikukuu saa 8, matangazo saa 5. Kusikiliza jumbe za sauti za bosi na kufanya marekebisho saa 10. Na inboksi, peke yake, saa 38.

Ukigawa 25,000 kwa saa 115 unapata takriban shilingi 217 kwa saa. Lakini nauli, bando za data na malipo ya programu za kuhariri vilimla kama 6,600 mwezi huo, kwa hiyo kilichobaki ni 18,400, yaani shilingi 160 kwa saa. Na hapo hatujagusa 4,000 ya sofa wala zile 11,400 alizokuwa anadai.

Alipoona namba hiyo, wazo lake la kwanza lilikuwa kudai 50,000. Nilimpinga. Kwa saa 115, hata 50,000 ni shilingi 435 kwa saa kabla ya gharama, na zile saa 38 za inboksi zingebaki wazi kuendelea kukua: kadiri posti zake zinavyofanya vizuri, ndivyo maswali yanavyoongezeka. Posti unaweza kuzihesabu kabla ya mwezi kuanza. Wanaouliza bei huwezi.

## Maamuzi

Tulianza na bei ya saa yake, hesabu ambayo mteja hataiona kamwe. Alihitaji 85,000 kwa maisha yake, 20,000 kwa gharama za kazi, na 15,000 za kuweka kando kwa ajili ya kodi, bima ya afya ya SHA na miezi ambayo mteja huondoka ghafla. Jumla 120,000. Mwezi una takriban saa 176 za kazi, ila haiwezekani kuzilipisha zote. Kutafuta wateja, kufuatilia malipo na kujifunza vinachukua sehemu kubwa. Tulikubaliana saa 100 za kulipwa. Hivyo saa yake ni 1,200.

Kisha tukajenga pakeji kuanzia chini. Posti 12 kwa mwezi, zile zile kwa Instagram na Facebook, nne kati yake zikiwa video fupi. Ziara moja ya nusu siku dukani kupiga kila kitu cha mwezi mzima: saa 5 pamoja na safari. Video nne kwa saa moja na nusu kila moja, saa 6. Posti nane za picha, saa 4. Kalenda na kepsheni saa 5. Kuratibu kwenye Meta Business Suite saa 1. Kupitia komenti dakika 15 kila siku ya kazi, kama saa 5. Kikao kimoja na ripoti ya ukurasa mmoja, saa 2. Hizo ni saa 28, sawa na 33,600. Tukaongeza asilimia 15 kwa yale yasiyotabirika, ikawa 38,640, akaitaja 38,500.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa kuamua nini kitoke, na kila kilichotoka kikaandikwa pamoja na jina la atakayekifanya. Hilo la pili ndilo watu husahau. Ukiandika tu "sijibu inboksi", umemwachia mteja tatizo, naye atalirudisha kwako wiki ya pili kwa "nisaidie tu hii moja". Sehemu hiyo ya mkataba ilisomeka hivi:

> "Nje ya pakeji: (1) Jumbe za inboksi na WhatsApp, pamoja na kutaja bei au kupokea oda. Zitajibiwa na muuzaji wa duka. (2) Pesa za matangazo. Zitalipwa na duka moja kwa moja kwa kadi ya duka. Kusimamia tangazo, likihitajika, ni 8,000 kwa mwezi. (3) TikTok. (4) Mabango yaliyo nje ya zile posti 12; kila moja 1,500, na ombi lifike siku tatu kabla. (5) Picha za wateja au nyumba zao, isipokuwa duka limeleta ridhaa yao kwa maandishi."

Inboksi ilitolewa kwa sababu ni kazi ya mauzo. Anayetaja bei lazima ajue bei ya leo, ajue kilichopo karakana, na awe na ruhusa ya kupunguza. Msimamizi hakuwa na hata moja kati ya hayo, na kisa cha sofa kilikuwa kimeshathibitisha. Hakumwacha muuzaji hivi hivi, lakini. Alimfungulia ufikiaji wa ukurasa kwa kazi ya `Messages` pekee, bila `Content` wala `Ads`, kwa hiyo nenosiri la bosi lililokuwa limeshazunguka kwenye simu tatu likabadilishwa. Akaandaa majibu machache ya kuhifadhiwa kwenye `Saved replies` kuhusu mahali duka lilipo, muda wa kutengeneza na usafirishaji. Hakuna hata jibu moja kati ya hayo lililotaja bei. Alilipisha kazi hiyo 6,000, mara moja.

Pesa za matangazo zilitoka kwa sababu rahisi: hupaswi kumkopesha mteja wako. Pia kadi ikiwa ya duka, akaunti ya matangazo na historia yake vinabaki mali ya duka siku mkiachana, na ugomvi wa kudaiana akaunti unaisha kabla haujaanza.

Kipengele cha picha za wateja kilimshangaza bosi, aliyezoea kuchukua video sebuleni kwa watu sofa ikishushwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Duka la samani si shule, ila anayebonyeza kitufe cha kuchapisha ni Msimamizi, na hakuwa tayari kubeba jukumu la picha asiyojua imetoka wapi.

TikTok ilitolewa kwa kuangalia saa tu. Nitarudi hapo.

## Majadiliano

Bosi alisoma, akapiga simu. "38,500, na wateja hutawajibu? Sasa unafanya nini?"

Hakumtajia saa wala bei ya saa. Nilimsihi asifanye hivyo kwa sababu mwenye karakana huwalipa mafundi kwa siku. Ukimwambia saa yako ni 1,200 ataanza kukulinganisha na fundi anayetoka jasho mbele yake, na mazungumzo yatakuwa yameacha kuhusu mitandao. Badala yake alimfungulia jumbe za mwezi uliopita, akamwonyesha maswali ya bei yaliyokuja baada ya saa mbili usiku, na mangapi kati yake aliyajibu kwa "ngoja niulize".

Bosi akasema ana 30,000, hana zaidi. Msimamizi hakupunguza bei, alipunguza kazi: posti nane badala ya 12, video mbili badala ya nne. Saa zikashuka hadi 23, ambazo kwa 1,200 na ile asilimia 15 ni 31,740. Akasema 31,500. Wakakubaliana hapo kwa miezi mitatu, malipo yakiingia kabla kalenda ya mwezi haijaanza.

Mkataba ukiwa kwa jina la kampuni, mhasibu wa duka alileta mambo mawili ambayo Msimamizi hakuyatarajia. Alitaka ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, kwa kuwa tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikubaliwi na KRA kupunguza kodi ya biashara. Msimamizi akajiandikisha eTIMS Lite. Kisha mhasibu akazuia asilimia 5 ya kodi ya zuio, inayohusu ada za usimamizi na za kitaalamu zinazofika 24,000 kwa mwezi. Kwa hiyo kati ya 31,500 zilizoandikwa, zilizoingia kwenye simu ni 29,925. Zile 1,575 hazijapotea, hutolewa kwenye kodi yake wakati wa kuwasilisha ritani, ila mtu aliyepanga kodi ya nyumba kwa 31,500 atazisikia. Zingatia hili unapotaja bei kwa kampuni iliyosajiliwa.

## Matokeo

Mwezi wa pili wa mpango mpya, rejista ya saa ilionyesha 26 badala ya 23. Zile asilimia 15 zilikuwa zimeshalipia ziada hiyo: 31,500 kwa saa 26 bado ni kama 1,211. Saa tatu zilizovuja zilitoka sehemu moja, kusubiri idhini. Bosi alikuwa akikaa na posti siku nne, kisha anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tano akitaka rangi ya maandishi ibadilishwe, halafu mwingine kuifuta ya kwanza.

Inboksi ilikuwa na matokeo ya pande mbili. Hakuna bei ya zamani iliyotajwa tena, na muuzaji, anayejua karakana, alikuwa akifunga oda ambazo Msimamizi angeziacha kwenye "ngoja". Lakini majibu ya usiku yalikauka, na Jumapili zikawa kimya hadi bosi alipomnunulia muuzaji simu ya kazi na kumwongezea marupurupu ya siku hiyo. Hiyo ni gharama halisi ya duka. Zamani ilikuwepo pia, ila aliyekuwa akiilipa ni Msimamizi.

Zile 11,400 zililipwa kwa awamu mbili. Zile 4,000 hazikurudi, na Msimamizi aliamua kuziacha ili mkataba mpya usianze na deni.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni kutenganisha vitu vyenye kikomo na visivyo na kikomo. Posti, ziara, video na ripoti vinaweza kuuzwa kwa bei moja ya mwezi kwa sababu unajua vitaishia wapi. Inboksi, marekebisho na "uje dukani tukiwa na kitu kipya" haviwezi, mpaka uviwekee idadi. Ukitaka kuuza inboksi, na wapo wanaoiuza vizuri, iuze kama kazi tofauti yenye saa zilizotajwa, tuseme saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, orodha ya bei ikisasishwa na mteja kila Jumatatu na kosa la bei likiwa juu yake endapo hakuisasisha. Kwa shilingi 1,200 kwa saa, saa 38 zingekuwa 45,600, zaidi ya pakeji yenyewe. Kwa duka la ukubwa huu ni nafuu kumtumia muuzaji aliyepo.

Kupunguza kazi badala ya bei pia kulilinda kitu kisichoonekana siku hiyo. Angekubali posti 12 kwa 30,000, mwaka ujao mazungumzo yangeanzia hapo. Sasa bosi anajua kwamba posti nane ni 31,500 na 12 ni 38,500, na akitaka zaidi anajua bei yake.

Kilichoshindwa ni TikTok. Tuliiondoa kwa sababu ilikuwa na saa nyingi za kuhariri, bila kumuuliza mtu yeyote wanunuzi wanatoka wapi. Duka halikuwa na rekodi, na mimi sikushinikiza ipatikane kabla ya kukata. Mwezi wa pili muuzaji alianza kuandika "ulituona wapi" kando ya kila oda kwenye daftari, na wengi wa wanunuzi wa vitanda wakasema TikTok, kutoka video zile za zamani zilizokuwa bado zinazunguka. Sofa zilitoka Facebook. Kabla ya kuamua nini cha kuacha, safu hiyo moja kwenye daftari la oda, kwa mwezi mmoja, ingetosha.

Kuhusu idhini, nilipendekeza kipengele cha kawaida cha frilansa: siku mbili za kimya ni ndiyo. Bosi alikataa, na nadhani alikuwa sahihi, kwa sababu bei na ofa zilikuwa ndani ya posti hizo. Walichokubaliana ni kwamba posti isiyoidhinishwa ndani ya siku mbili za kazi inasogezwa mwisho wa foleni, ikifika mwisho wa mwezi bila jibu inahesabiwa imetolewa, na marekebisho ni mara moja tu, kwa maandishi. Ujumbe wa sauti hauhesabiwi kuwa marekebisho. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichopunguza saa hadi 22 mwezi uliofuata.

Miezi mitatu ilipoisha, bosi aliomba TikTok irudi. Msimamizi alimpa chaguo mbili: video mbili zile zile za Instagram zikatwe upya kwa TikTok kwa 4,000 zaidi, au arudi kwenye pakeji ya posti 12 yenye video nne, na TikTok iongezwe juu yake kwa 8,000. Amechukua ya kwanza.